Maji Waachieni Chapati

Siku ya pili ya Idi iliyopita jirani alinitumia mwanawe na sahani ya biskuti. Zilipendeza kwa macho: zimekatwa nyota na mwezi, juu zimepakwa zikang'aa, katikati kila moja ina tone la jemu. Nikatia moja mdomoni, haikukatika. Nikaihamishia kwenye magego, nikauma kwa nguvu, ikatoka kipande kama kigae cha chungu. Nilifanya wanavyofanya watu wenye adabu zao: nilizichovya kwenye chai moja moja, nikarudisha sahani na shukrani.

Sasa huyu jirani si mgeni wa jikoni. Chapati zake zinachambuka kama kitambaa, na sambusa zake ndizo tunazoagiza mtaa mzima mwezi wa Ramadhani. Kwa hiyo siku ya tatu aliponiuliza, "Shoga, sema kweli, zile biskuti umezionaje?" sikuona sababu ya kumficha. Nikamwambia zilikuwa ngumu. Akashika kiuno. "Mbona nilifuata kila kitu? Nimepima unga, nimefikicha na siagi, nimetia sukari, nikaongeza maji kidogo kidogo mpaka ukashikana."

Mpaka ukashikana. Maneno haya yamo katika kila daftari la mapishi linalozunguka mitaani kwetu, na mimi nayalaumu kwa biskuti ngumu kuliko ninavyolaumu oveni mbovu. Kosa la jirani yangu lilikuwa kwamba anajua sana kukanda chapati. Mikono yake imefunzwa kutafuta donge laini, lenye kuvutika, lisilopasuka pembeni. Donge la namna hiyo likiokwa kama biskuti, haliwezi kutoka kitu kingine isipokuwa kigae.

Unga wa ngano una protini ambazo zikiwa kavu hazina madhara yoyote. Zikikutana na maji, zikasuguliwa, zinashikana na kufanya nyuzi za mpira tunazoziita gluteni. Nyuzi hizo ndizo zinazomwezesha mpika chapati kusukuma duara pana bila kutoboka, na ndizo zinazoufanya mkate ubebe hewa. Kwenye chapati tunazitaka, tena tunalipumzisha donge ili zilegee na kusukumika vizuri. Kwenye biskuti na kwenye ganda la tati kazi ni kinyume chake: tunataka nyuzi ziwe fupi, chache, zilizokatikakatika, ili meno yakigusa kitu kimumunyike. Ndiyo maana tunafikicha siagi ndani ya unga kwanza. Mafuta yanaivisha chembe ya unga koti, na maji yakija baadaye yanakuta mlango umefungwa nusu.

Nusu tu, lakini. Mimina vijiko vitatu vya maji kisha ukande mpaka donge liwe nyororo, na lile koti umelivua mwenyewe.

Kuna mzee mmoja wa Kihindi, muuza biskuti niliyekuwa nikinunua kwake nilipokuwa msichana, ambaye hakuwahi kutia hata tone la maji katika nankhatai zake. Ni unga, samli, sukari ya unga na iliki, basi. Samli haina maji kama siagi ilivyo nayo. Katika gramu 100 za siagi kuna takriban gramu 16 za maji, lakini kwenye samli yameshachemshwa yakaondoka. Matokeo yake unayajua: nankhatai inayeyuka mdomoni kabla hujaitafuna. Kama maji ndiyo adui, mbona tusitengeneze kila kitu kama nankhatai tukamaliza maneno?

Jaribu kusukuma donge la nankhatai liwe jembamba kama sarafu mbili zilizopandana, ulinyanyue, ulitandaze kwenye kikombe cha kuokea tati. Litakumwagikia mikononi kama mchanga. Nankhatai hufinyangwa viduara kwa kiganja kwa sababu haina cha kuishikilia. Biskuti ya kukata kwa kikato inataka kusukumika, na ganda la tati linataka zaidi ya hapo: lisimame wima kuta zake, libebe kastadi au jemu, na likitolewa kwenye kikombe lisivunjike. Kwa hiyo tunahitaji kitu cha kulishika donge bila kuamsha nyuzi za mpira. Kitu hicho kinauzwa dukani kwa trei, na nusu ya wapishi wetu wanakitumia kupaka juu tu, kwa rangi.

Kiini cha yai kwa uzito wake ni karibu nusu maji. Karibu theluthi moja ni mafuta, na inayobaki kwa sehemu kubwa ni protini. Unapotia kiini kwenye unga, kwa hiyo, unatia kimiminika ambacho nusu yake tu ndiyo inayoweza kuamsha gluteni, na hata hiyo nusu haiko huru, imefungamana na mafuta na protini. Ndani ya yale mafuta mna lesithini, ambayo tabia yake ni kushika maji kwa mkono mmoja na mafuta kwa mkono mwingine. Ndiyo inayofanya mayonezi isitengane. Katika donge letu inasaidia siagi kuenea sawasawa badala ya kukaa mabonge hapa na pale. Kisha donge likiingia kwenye oveni, protini za kiini zinaganda kwa joto kama zinavyoganda kwenye yai la kuchemsha, na kugandana huko ndiko kunakolisimamisha ganda. Linashikwa na yai lililoiva badala ya kushikwa na mpira wa ngano. Yai lililoiva hukatika kwa meno, mpira hauwezi.

Baada ya kumweleza jirani hayo akaniangalia kwa jicho la kusema "wewe na vitabu vyako." Nikamwambia njoo Jumamosi, tutafanya mabakuli mawili.

Katika kila bakuli tulitia gramu 200 za unga wa ngano wa kawaida, gramu 100 za siagi baridi iliyokatwa vipande, gramu 60 za sukari ya unga na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Tukafikicha kwa ncha za vidole mpaka ukawa kama chenga za mkate. Bakuli la kwanza tukatia maji baridi, gramu 36. La pili tukatia viini viwili vya mayai ya dukani, ambavyo kwenye mizani vilitoka gramu 36 vilevile. Kiini kimoja cha yai kubwa huwa kama gramu 18. Uzito wa kimiminika ni uleule, lakini maji halisi katika bakuli la pili ni karibu gramu 18 tu, na juu yake tumeongeza karibu gramu 11 za mafuta bila kugusa siagi.

Tofauti ilionekana kabla hata ya moto. Donge la maji lilishikana upesi, likawa jeupe na laini, jirani akalipenda. Nilimwambia alibonyeze kwa kidole, na shimo likarudi polepole kujijaza. Hiyo ndiyo ishara ya kwanza. Donge la viini lilichelewa. Kwa dakika nzima lilikuwa makombo tu, naye akawa ananyoosha mkono kuelekea kwenye jagi la maji. Nikamzuia. Tulikusanya makombo, tukayaminya kwa kiganja badala ya kuyakanda, yakashikana yakawa bonge la manjano. Kidole kikabonyeza, shimo likabaki lilivyo.

Tukayafunga yote mawili kwa mfuko wa nailoni, tukayaweka friji saa moja. Mapumziko haya yanasaidia madonge yote: gluteni iliyoamka inalegea, siagi inarudi kuwa ngumu, na unyevu unaenea. Kwa hali ya hewa ya Pwani sioni namna ya kuyaruka. Jikoni kwangu mchana wa Januari siagi inalainika huku unaiangalia, na donge lenye siagi iliyoyeyuka litakuwa na mafuta juu na ugumu ndani hata ulitie viini kumi.

Kwenye kibao ishara ya pili ikajitokeza. La maji lilisukumika vizuri, lakini kila nilipoinua mti wa kusukumia duara lilijivuta likapungua. La viini lilipasukapasuka pembeni, nikawa naliunga kwa vidole, na liliposukumwa likakaa palepale. Tulisukuma unene wa nusu sentimita, tukakata miduara kwa kikato kimoja, tukaoka katika nyuzi 175 za Selsiasi dakika 13.

Miduara ya viini ilitoka miduara. Ya maji ilitoka mayai: imejivuta upande mmoja, imetuna katikati, nyeupe juu na kahawia chini. Tuliacha zote zipoe kabisa, kwa sababu biskuti ya moto ni laini hata iwe ya namna gani na haiwezi kutoa ushahidi. Kisha jirani akavunja moja moja. Ya maji ilipinda kidogo kwanza ndipo ikakatika, kwa sauti nzito. Ya viini ilikatika papo hapo, kavu, ikaacha unga mezani. Akaitia mdomoni, akanyamaza, akachukua nyingine.

Hapa nataka kuonya juu ya njia ya mkato, maana najua swali linalofuata: kwa nini nisitie yai zima, niache kutenganisha? Kwa sababu ute wa yai ni karibu asilimia 90 maji, na uliobaki ni protini bila mafuta. Ukitia yai zima umerudisha yale maji uliyokuwa unayakimbia, na umeongeza protini ambayo ikikauka huwa ngumu kama kioo. Kuna biskuti zinazotaka ugumu huo, zile za kusafirishwa mbali au za kuchovya. Yai zima halitakuharibia kila kitu, ila litakupeleka katikati ya safari tu.

Viini vyenyewe navyo vina mipaka. Kwa gramu 200 za unga viini viwili vinatosha, vitatu ni kwa donge tajiri sana, na zaidi ya hapo ile protini inayoganda inaanza kuwa nyingi, na biskuti inakuwa nzito yenye ladha ya yai. Ukioka kupita kiasi pia hakuna kiini kitakachokuokoa. Mayai ya kienyeji ni madogo, kwa hiyo pima kwa mizani au ongeza kiini kimoja. Na kama unga wako ni mkavu sana donge likakataa kabisa kushikana, tia maji ya friji, kijiko kimoja cha chai, uminye, usubiri, ndipo uamue kama linahitaji kingine. Nasisitiza kijiko cha chai. Kati ya kijiko cha chai na kijiko cha mezani kuna tofauti mara tatu, na biskuti nyingi zimepotelea hapo.

Kosa jingine ni dogo lakini linakera: mtu anavunja viini, anavimwagia sukari juu, kisha anaitika simu. Sukari inavuta maji kutoka kwenye kiini, na palipoguswa panakauka na kufanya chembe ngumu za manjano ambazo hazitayeyuka tena. Utazikuta kwenye biskuti kama vijiwe. Ama koroga hapo hapo, ama fanya kama tulivyofanya sisi, sukari iende kwenye unga na viini viingie mwisho.

Kwenye tati ndipo faida inapoonekana waziwazi. Nilitandaza mabaki ya madonge yote mawili kwenye vikombe, nikatoboa chini kwa uma, nikafunika kwa karatasi ya kuokea na kujaza maharage makavu ili kuta zisianguke. Dakika 15, kisha nikatoa karatasi na maharage, nikarudisha dakika nyingine nane mpaka chini pakauka na kushika rangi. Ganda la maji lilikuwa limeteremka kutoka ukingoni, upande mmoja karibu sentimita nzima, na kastadi niliyoimimina ikapata pa kutorokea. Ganda la viini liliteremka kidogo sana, tofauti ambayo usingeiona bila kuangalia kwa karibu. Aliyejivuta kwenye kibao ndiye atakayejivuta kwenye oveni. Ukiiona ishara ile mapema, lirudishe donge friji nusu saa nyingine kabla hujalioka.

Ukitaka ganda lisilowe upesi, paka ndani ute kidogo likiwa bado la moto, lirudishe kwenye oveni dakika mbili. Ute unakauka na kuwa utando mwembamba kati ya kastadi na ganda. Pamoja na hivyo usijaze leo ukale kesho. Hakuna ganda linaloweza kulala na kastadi usiku kucha likaamka kavu.

Waitaliano, ambao donge la namna hii wanaliita pasta frolla, wamelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Katika kitabu cha mapishi cha Pellegrino Artusi kilichotoka mwaka 1891, pishi moja la donge hilo linatumia viini peke yake, bila ute. Na wana biskuti wanazoziita ovis mollis ambazo zimekwenda mbali zaidi: kiini kinachemshwa kwanza mpaka kiwe kigumu, kinapitishwa kwenye chujio, kisha unga wake wa manjano ndio unaotiwa kwenye donge. Mara ya kwanza niliposoma habari hiyo nilidhani ni chapa iliyokosewa. Nilipojaribu nikaelewa. Kiini kilichoiva kimeshaganda na kimekamata maji yake, hakina cha kuipa ngano wala hakiwezi tena kushikanisha chochote. Kinabaki punje laini za mafuta na protini zinazokaa katikati ya chembe za unga na kuzizuia zisishikane. Biskuti zake ni laini mno, hata kuziinua kwenye trei kunataka subira. Kwa tati hazifai hata kidogo, na hilo lenyewe linathibitisha kwamba kiini kibichi kina kazi mbili, kulainisha na kushika, na ukikichemsha unabaki na moja.

Wala tusidhani hii ni hekima ya ng'ambo tu. Vileja vyetu vya unga wa mchele, samli na iliki, wengi wetu tuliviona vikitiwa mayai na bibi zetu, na wengine wakichagua viini. Mchele hauna gluteni, kwa hiyo kileja hakina mpira wa kuogopa, lakini pia hakina kitu cha kukishika, na kazi hiyo ikapewa yai. Bibi hakusema gluteni. Alisema bila yai kitavunjika.

Jirani alikuwa na hoja zake. Ya kwanza ni shombo, na ni kweli: donge lenye viini viwili likiokwa bila kiungo linanuka yai. Iliki ya kusaga, vanila, au ganda la limao lililokwaruzwa juujuu huimaliza. Ya pili ni rangi, maana viini vya mayai ya kisasa mara nyingi ni vyeupe na biskuti haitakuwa ya manjano kama picha ya kwenye pakiti. Rangi hiyo inatokana na chakula cha kuku, haina uhusiano na ulaini. Biskuti ya kiini cheupe itakatika sawasawa na ya kiini chekundu, kwa hiyo usiweke rangi ya kopo kujidanganya.

Ya tatu ndiyo nzito, bei. Mayai mawili kwa gramu 200 za unga ni gharama, na kwa anayeoka za kuuza trei inamalizika haraka. Sina jibu la kumfurahisha. Ninachoweza kusema ni kwamba, kama viini havipatikani, ni heri kupunguza maji kuliko kuyaongeza: badilisha sehemu ya tano ya unga wa ngano uwe unga wa mchele, tumia samli mahali pa nusu ya siagi, na uache donge likiwa karibu na kupasuka. Itakuwa biskuti ya kuchambuka kidogo, lakini haitamng'oa mtu jino.

Na maji nayo nisiyatukane kupita haki. Pai ya nyama inayotaka kuchambuka tabaka kwa tabaka hutengenezwa kwa siagi iliyoachwa vipande vikubwa kama njegere, na maji ndani ya donge yanageuka mvuke na kuzinyanyua tabaka. Manda za sambusa zingepasuka zote zikikandwa kwa viini. Huko maji yako nyumbani kwake na gluteni inafanya kazi iliyoajiriwa. Ninachokataa ni kuyapeleka kwenye biskuti na tati kwa mazoea tu, eti kwa sababu donge lazima lishikane.

Wewe unayepanga kuoka kwa ajili ya Idi, Krismasi au kipaimara, usinisadiki kwa maneno. Pima mabakuli mawili madogo, unga gramu 100 kwa kila moja, kiini kimoja huku na kijiko kimoja na robo cha mezani cha maji kule, oka kwenye trei moja, na uvunje baada ya kupoa. Jirani yangu alivunja zake Jumamosi ile akaondoka na daftari langu. Ule ute wa mayai mawili aliuomba pia, na jioni akachovyea katlesi.